Riba ya asilimia 17 au ya asilimia 21: mikopo miwili niliyoilinganisha kwa jumla ya marejesho

Nilipoamua kununua mashine yangu ya kukoboa mpunga badala ya kuendelea kupanga foleni kwenye mashine za watu, nilijua tangu mwanzo kwamba ningelazimika kukopa. Mashine, mota yake, usafiri kutoka Dar es Salaam hadi hapa Tabora na malipo ya fundi wa kuifunga vilihitaji shilingi 5,800,000. Fedha niliyokuwa nayo ilikuwa mtaji wa kununulia mpunga wa Igunga na Nzega, na anayefanya biashara hii anafahamu kwamba ukiugusa mtaji huo mavuno yanapokaribia, msimu wote utakuwa wa kutazama wenzako wakipakia magunia.

Nilipata ofa mbili, zote za shilingi 6,000,000 kwa miezi 24. Ya kwanza ilitoka benki, kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka. Ya pili ilitoka taasisi ya mikopo, ambayo afisa wake aliitaja kuwa ni asilimia 1.75. Mteja aliyekuwa ameketi kando yangu kwenye benchi aliposikia hivyo alinigeukia na kuniambia nisijiulize mara mbili, kwa kuwa moja na robo tatu haiwezi kufananishwa na kumi na saba. Hakuwa amesikia neno la mwisho, yaani kwa mwezi. Asilimia 1.75 kwa mwezi, ukiizidisha kwa miezi 12, ni asilimia 21 kwa mwaka. Kabla ya kulinganisha chochote, riba zote mbili ziwekwe kwenye kipimo kimoja, ama za mwezi zote ama za mwaka zote.

Baada ya kuziweka hivyo, jambo lilionekana kuwa jepesi. Kaka yangu mkubwa, ambaye humwomba ushauri kila ninapotaka kusaini karatasi yoyote, alicheka. "Mdogo wangu, kumi na saba na ishirini na moja, hapo kikokotoo cha nini? Nenda benki." Huenda ningekwenda siku hiyo hiyo, lakini benki ilitaka nyumba yetu iwe dhamana, ilhali taasisi ilitaka wadhamini wawili na mali ya biashara. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa; Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaeleza hivyo, na mume wangu alikuwa mgumu. Hakukataa, ila alitaka aone kwa macho yake ni kiasi gani hasa tungeokoa kwa kuiweka nyumba mahali pa hatari. Swali lake ndilo lililonifanya nitafute karatasi na kalamu.

Jambo la kwanza nililouliza kwa wote wawili ni namna riba inavyokokotolewa. Riba ya salio linalopungua hutozwa kwenye deni lililobaki tu, kwa hiyo hushuka kila unapolipa rejesho. Riba isiyopungua hutozwa kwenye mkopo mzima wa mwanzo hadi mwezi wa mwisho, hata kama deni limebaki kidogo. Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyosikika. Mkopo wa shilingi 6,000,000 kwa asilimia 17 isiyopungua ungekuwa na riba ya 1,020,000 kila mwaka, yaani 2,040,000 kwa miaka miwili, na rejesho lingekuwa 335,000 kwa mwezi. Kwa salio linalopungua, asilimia ile ile 17 inatoa rejesho la 296,654. Kwa hiyo afisa akikuambia kwamba riba yake inapungua, kisha ukaona rejesho linakaribia 335,000, maneno yake na jedwali lake havisemi kitu kimoja, na utakacholipa ni kile kilichomo kwenye jedwali. Kwa bahati nzuri, ofa zangu zote mbili zilikuwa za salio linalopungua.

Hesabu ya rejesho si lazima uipokee kwa afisa na kuiamini. Kama una simu au kompyuta yenye programu ya majedwali, andika mstari huu kwenye kisanduku kimoja, ukibadilisha riba, idadi ya miezi na kiasi cha mkopo:

```
=PMT(17%/12,24,-6000000)
```

Jibu ni 296,653.6, nalo lililingana na la benki baada ya kulizungusha kufikia shilingi nzima. Nilipoweka 21% mahali pa 17%, nilipata 308,314, na taasisi nayo ilikuwa imeandika hivyo hivyo. Basi nikazidisha kila rejesho kwa miezi 24. Benki ingenidai jumla ya 7,119,696 na taasisi 7,399,536. Tofauti ilikuwa 279,840 kwa upande wa benki, na hadi hapo kaka yangu alikuwa sahihi.

Ada ndizo zilizobadilisha mambo, na kuzipata kulinichosha kuliko kuzijumlisha. Benki ilinipa karatasi yenye ada ya kuchakata mkopo ya asilimia 3 pekee. Nilipouliza kama kuna kingine, yule kijana alinijibu kwa upole, "Mama, hivyo vingine si riba, ni gharama za kawaida tu." Nilimwomba aniandikie hizo gharama za kawaida moja moja. Kulikuwa na Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18, juu ya ile ada ya kuchakata. Kulikuwa na bima ya mkopo, asilimia 1. Kulikuwa pia na uthamini wa nyumba na usajili wa dhamana, shilingi 100,000. Sikumlaumu sana, kwa sababu hakuna aliponidanganya, lakini karatasi ya kwanza ilikuwa na shilingi 180,000 na ya pili ikafika 372,400. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinamtaka mtoa mkopo aeleze gharama zake kabla mteja hajasaini, kwa hiyo kuomba orodha hiyo kwa maandishi si ukaidi wala kutomwamini mtu.

Taasisi ilikuwa na ada ya asilimia 1.5, ambayo ni 90,000, na kodi yake 16,200, pamoja na bima ya 60,000. Jumla ilikuwa 166,200. Sikuhitaji uthamini wa nyumba kwa kuwa nyumba haikuhusika. Tofauti ya ada kati ya ofa hizi mbili ikawa 206,200.

Sasa jumla kamili ya benki kwa miezi 24, marejesho pamoja na ada, ilikuwa 7,492,096. Ya taasisi ilikuwa 7,565,736. Benki bado ilikuwa nafuu, ila ule unafuu wa karibu laki tatu ulikuwa umebaki 73,640. Nilimwonyesha mume wangu, naye akauliza kama nyumba inawekwa rehani kwa elfu sabini. Sikuwa na jibu usiku ule.

Siku zilizofuata niliijaribu hesabu hiyo kwa muda mfupi zaidi, kwa sababu nilikuwa bado sijaamua kama nikope kwa mwaka mmoja au miwili. Hapa ndipo nilipoelewa kile ambacho asilimia peke yake haiwezi kukuonyesha. Kwa miezi 12, rejesho la benki lilikuwa 547,229 na la taasisi 558,683. Ukizidisha na kuongeza ada zile zile, benki inafika 6,939,148 na taasisi 6,870,396. Mkopo wenye riba kubwa ndio uliokuwa nafuu, kwa shilingi 68,752. Kwa miezi 18 nilipata 7,212,058 kwa benki na 7,212,660 kwa taasisi, yaani tofauti ya shilingi 602, ambayo ukiipeleka sokoni hairudi na kitu.

Sababu yake ni kwamba ada hulipwa mara moja, iwe umekopa kwa miezi sita au kwa miaka mitano, wakati riba huhesabiwa kwa kila mwezi ambao deni lipo. Riba ndogo inahitaji muda ili irudishe kile ulichokilipa mlangoni. Kwa ofa zangu muda huo ulikuwa mwaka mmoja na nusu. Chini ya hapo taasisi inashinda, juu ya hapo benki inashinda, na kila mwezi unaoongezeka huipa benki nafasi zaidi. Anayekopa kwa miaka mitano kujenga nyumba asichukue uamuzi wangu na kuufanya wake. Kwa muda huo tofauti ya asilimia nne ingezimeza ada zote na kubakiza fedha nyingi.

Kwa asiye na kompyuta karibu, ipo njia ya kukadiria ambayo huitumia hata sasa majirani wanaponiletea karatasi zao. Kwa kuwa deni la salio linalopungua huanza likiwa zima na kuishia sifuri, kwa wastani huwa unadaiwa takriban nusu ya mkopo. Chukua nusu hiyo, kwangu ilikuwa 3,000,000, uizidishe kwa tofauti ya riba, asilimia 4. Unapata 120,000 kwa mwaka. Hicho ndicho riba ndogo inachokuokolea, kwa makadirio. Kisha gawanya tofauti ya ada, 206,200, kwa 120,000, na utapata mwaka mmoja na karibu miezi tisa. Hesabu kamili ilisema miezi 18, kwa hiyo njia hii inavuta muda kidogo, kwani deni halisi hukaa juu ya nusu kidogo. Ukiona muda unaotaka kukopa uko mbali na jibu hilo, huna haja ya kuhangaika zaidi. Ukiwa karibu nalo, tafuta anayeweza kukufanyia hesabu kamili.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, na ndilo nililoliona kwa kuchelewa, wakati nilikuwa nimeshaanza kuegemea benki kwa miezi 24. Ada hizi hazilipwi kutoka mfukoni. Hukatwa kwenye mkopo kabla haujaingia kwenye akaunti. Benki ingesema imenikopesha 6,000,000, lakini mkononi ningepata 5,627,600. Taasisi ingenipa 5,833,800. Mashine ilitaka 5,800,000. Kwa mkopo wa benki ningepungukiwa shilingi 172,400, na mahali pekee pa kuzitoa palikuwa kwenye mtaji wa mpunga, ule ule niliokuwa nimeapa kutougusa.

Kwa hiyo nililinganisha upya, safari hii nikiuliza ni kiasi gani ningelazimika kukopa benki ili mkononi nipate sawa na vile ambavyo taasisi ingenipa. Jibu lilikuwa kama 6,220,000. Ada zinazofuata kiasi cha mkopo nazo zinapanda kidogo, jumla yake inakuwa 382,388, na kinachobaki ni 5,837,612. Rejesho linakuwa 307,531 kwa mwezi. Liangalie rejesho hilo vizuri ukiliweka kando ya 308,314 la taasisi. Kwa miezi 24 benki ingepokea 7,380,744 kutoka kwangu na taasisi 7,399,536. Hapa ada haziongezwi tena, maana zimeshakatwa ndani ya mkopo na ninazilipa kupitia marejesho. Anayeziongeza mara ya pili atakuwa amezihesabu mara mbili. Unafuu wa benki sasa ulikuwa 18,792 kwa miaka miwili, chini ya shilingi mia nane kwa mwezi.

Nadhani hii ndiyo hesabu iliyo sahihi kuliko zote kwa mtu anayekopa kwa ajili ya kitu chenye bei inayojulikana. Ukilinganisha mikopo yenye jina la milioni sita, unalinganisha vitu viwili visivyo sawa, kwa sababu mmoja unakupa fedha kidogo kuliko mwingine. Linganisha fedha itakayofika mkononi, kisha uangalie jumla ya kile kitakachotoka mfukoni hadi siku ya mwisho.

Kaka yangu alipoiona karatasi ya mwisho aliniuliza kwa nini basi nisichukue mkopo wa miezi 12, ambao kwa jumla ungenipunguzia karibu laki saba. Ni kweli, muda mfupi una jumla ndogo. Lakini rejesho la 558,683 lingenifika kila mwezi, ukiwemo Februari, wakati huku kwetu mpunga uko mashambani na ghala halina gunia la kukoboa. Nilipitia daftari langu la mauzo la mwaka uliotangulia na kuona kwamba katika miezi mibaya nilibakiwa na kama laki nne baada ya matumizi ya nyumbani. Jumla ndogo ambayo huwezi kuifikia bila kuchelewesha marejesho huacha kuwa ndogo, kwa sababu taasisi ile ilitoza faini kwa kila rejesho lililochelewa. Niliuondoa muda wa miezi 12 kwa sababu hiyo, ingawa karatasi iliusifu.

Nilichotamani ni kukopa kwa miezi 24 kisha kumaliza mapema kama msimu wa pili ungekuwa mzuri. Hilo lilinirudisha kwa maafisa wote wawili na swali ambalo halikuwa kwenye karatasi zao. Je, nikitaka kufunga mkopo kabla ya muda, nitalipa nini? Benki ilitoza asilimia 2 ya deni lililobaki. Taasisi haikutoza, ila ilitaka barua mwezi mmoja kabla. Nikapiga hesabu ya kufunga mwezi wa 12, kwa benki nikitumia ule mkopo wa 6,220,000. Marejesho ya miezi hiyo pamoja na salio yangenigharimu kama 7,062,000 benki na 7,011,000 taasisi, kabla ya ile tozo ya asilimia 2 ambayo ingeongeza zaidi ya elfu sitini kwa upande wa benki. Ada uliyolipa mlangoni hairudi ukitoka mapema, ndiyo maana mkopo wenye ada kubwa humwadhibu anayewahi kumaliza. Anayejua kwamba atalipa hadi mwezi wa mwisho hana sababu ya kulipima hili.

Nilichukua mkopo wa taasisi, wa asilimia 21. Mume wangu alifurahi kwa ajili ya nyumba, kaka akanuna kwa juma moja. Kabla ya kusaini niliomba vitu viwili viwe ndani ya mkataba wenyewe, siyo kwenye karatasi ya pembeni: jedwali la marejesho lenye safu ya salio la kila mwezi, na kifungu kinachosema hakuna tozo ya kumaliza mapema. Afisa alisema kifungu hicho hakijawahi kuleta shida. Nilimwambia, "Mwanangu, kama hakina shida, basi kiandikwe." Alikwenda kuzungumza na meneja na akarudi nacho kimechapwa. Siku fedha ilipoingia nililinganisha kiasi kwenye ujumbe wa simu na 5,833,800, na kilikuwa sawa.

Mkopo haukuwa mwepesi. Mwezi wa Februari nililipa rejesho kwa fedha niliyoiazima kwa shemeji yangu, na nilikosa usingizi nikifikiria wadhamini wangu, ambao ni watu ninaosali nao. Msimu wa pili ulipoanza, foleni ya kukoboa ilikuwa inafika barabarani, na nilipeleka barua ya kumaliza. Wakaniletea salio ambalo lilizidi la kwenye jedwali kwa riba ya mwezi mzima. Nilifungua mkataba, nikaonyesha safu ya salio na tarehe ya rejesho langu la mwisho, wakarekebisha palepale. Kilichobaki nilikilipa kwa mkupuo mmoja, nikasubiri barua ya kuthibitisha kwamba sidaiwi, nikatengeneza nakala tatu, moja yangu na mbili za wadhamini.